Rola moja, vichwa viwili

*Daktari, pole na kazi. Niko Jinja, nina miaka 31. Nywele zangu za mbele na za juu ya masikio zimeisha kwa kusuka rasta tangu nikiwa shule. Miezi miwili iliyopita nilinunua demarola, ile rola yenye sindano ndogondogo ya kuviringisha kichwani, sindano zake za milimita 1.5. Napitisha mara tatu kwa wiki, halafu napaka mafuta ya nyonyo na maji ya kitunguu. Naisafisha kwa maji moto na waragi. Mume wangu ana upara utosini, naye anatumia hiyohiyo. Sasa nimetoka vipele vya usaha juu ya sikio la kulia, na nyuma ya sikio kuna tezi inauma. Niendelee au niache? Na kweli hii kitu inaotesha nywele?*

Acha leo, dada yangu, na mume wako aache pia. Sindano ikipita juu ya kipele chenye usaha huchukua wadudu waliomo na kuwapanda kwenye kila tundu linalofuata. Ukipitisha mara moja tu kuanzia sikioni hadi katikati ya paji, umeshapanda mstari mzima.

Hiyo tezi ndiyo inayonifanya nisikuambie usubiri uone. Tezi za nyuma ya sikio hupokea uchafu unaotoka kwenye ngozi ya kichwa upande huo, na zikivimba na kuuma maana yake mwili umeanza kupigana na kitu kilichopita juu ya ngozi. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya. Usione haya kusema umejichoma sindano kichwani, kwa sababu mhudumu asiyejua hilo atadhani ni vipele vya joto tu. Mara nyingi wanaosababisha haya ni bakteria wa stafilokoka, na dawa yake ipo na si ya ajabu, ila mtu akuone kwanza ndipo achague ipi na kwa siku ngapi. Usinunue vidonge viwili vitatu vya antibayotiki dukani ukameza mpaka maumivu yatulie. Kwa leo osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kanda kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu dakika kumi, mara tatu kwa siku, kisha kitambaa hicho ukifue kwa maji ya moto. Usikamue.

Kuna kosa moja naliona kila wiki, nalitaja kabla hujalifanya. Ni ile krimu ya mchanganyiko inayouzwa bila cheti, yenye steroidi ndani, dawa ya fangasi na antibayotiki kidogo. Ukiipaka, wekundu unapungua kwa siku mbili na mtu anafurahi. Lakini steroidi imetuliza ulinzi wa ngozi tu, bakteria wanaendelea kula chini kwa chini. Wiki ya pili unaletewa jipu.

Ukiona uvimbe umeanza kushuka kuelekea kwenye jicho, ukipata homa au kutetemeka, au wekundu ukatanuka kila ukiutazama, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Sasa tuutafute huo uchafu ulitoka wapi, kwa sababu katika maelezo yako nimeuona ukiingia kwa milango mitatu.

Wa kwanza ni waragi. Ninaelewa ulivyowaza: kama inachoma koo, itaua vijidudu. Lakini waragi ya dukani ina kilevi karibu asilimia 40, na kilevi huanza kuua bakteria kwa uhakika kuanzia asilimia 60 hivi. Kinachotakiwa ni spiriti ya famasi ya asilimia 70. Hata hiyo spiriti haipenyi damu iliyokauka. Ukiitumbukiza rola yenye damu na magamba ya ngozi ndani ya spiriti, juu ya damu patakufa, chini yake pataishi. Ndiyo maana kuosha kwa sabuni hutangulia, spiriti hufuata.

Na maji moto? Yakiwa ya uvuguvugu hayaui kitu. Yakichemka kweli yatalegeza gundi na plastiki inayoshika sindano, na rola itatoka na sindano zilizoinama. Sindano iliyoinama haitoboi, inachana. Chukua hiyo rola yako uiviringishe taratibu juu ya pamba kavu. Ikinyofoa nyuzi, zipo sindano zilizopinda, na kila unyuzi uliobaki juu yake ni mchano mmoja ulioupata kichwani.

Ukiwa umeishika bado, isogeze dirishani na upige picha ya karibu kwa simu, kisha uikuze. Nataka uangalie kitu. Rola nyingi za bei ndogo zimeandikwa kwamba zina sindano 540, lakini ukitazama hakuna sindano moja moja: kuna visahani vyembamba vya chuma vyenye meno, vimepangwa kimoja baada ya kingine kama meno ya msumeno. Meno hayo yakizunguka hukata mpasuo mdogo badala ya tundu. Halafu kati ya kisahani na kisahani kuna upenyo usioingia hata unywele wa mswaki, na damu hukaa humo. Rola ya aina hiyo hakuna namna ya kuisafisha nyumbani, labda uivunje.

Mlango wa pili ni mume wako, na hapa naomba umuulize jambo moja: kisogoni, pale kinyozi anapopitisha mashine, hana vipele? Wanaume wengi wanaonyoa karibu na ngozi huwa navyo, vingine vina usaha. Kama anavyo, rola imepita utosini kwake, labda ikagusa na kisogo, ikarudi kwako ikiwa na bakteria wake pamoja na damu yake. Kilichonishtua si usaha. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi, na hapa Uganda takriban watu wazima 4 kati ya 100 wanavyo, wengi hawajui. Mke na mume kuambukizana kuna njia nyingine pia, najua utaniambia hivyo. Lakini sindano zenye damu mbichi ni njia ya mkato. Kwa kuwa utakuwa kwenye kituo cha afya, pimeni homa ya ini nyote wawili, na asiye nayo aulizie chanjo. Pimeni na virusi vya ukimwi pia kama hamjapima karibuni. Rola ni kama wembe: ya mtu mmoja, haipiti kwa mwingine, awe mume, dada au mteja wa saluni.

Mlango wa tatu ni kitunguu na nyonyo. Ngozi ya juu kazi yake ni kuzuia vitu visiingie. Ukiitoboa, kila unachopaka kwa saa kadhaa kinaingia mahali ambapo hakikukusudiwa kufika. Maji ya kitunguu yaliyosagwa jikoni yana udongo, vijidudu na asidi. Mafuta ya nyonyo, ya rozimari au siagi ya shia kutoka kaskazini hayana ubaya juu ya ngozi nzima, lakini ndani ya matundu mwili unaweza kuyaona mgeni na kuyajengea ukuta, yakawa vinundu vigumu visivyoisha. Mwaka 2014 jarida moja la madaktari wa ngozi liliripoti wagonjwa waliopata vinundu vya namna hiyo usoni baada ya kuchomwa sindano ndogondogo na kupakwa dawa ya vitamini C juu yake. Hiyo ilikuwa bidhaa ya dukani, iliyofungwa vizuri. Sembuse kitunguu.

Nitaongeza mlango wa nne ambao wewe hukuutaja, ila nimekutana nao. Alinijia kijana fundi wa simu na vinundu vitano vyekundu utosini, haviumi sana, vimetokea karibu mwezi mmoja baada ya kutumia rola. Alikuwa amekwisha meza antibayotiki za aina mbili bila mabadiliko. Nilipomuuliza hatua kwa hatua, akasema huisuuza rola na maji ya jerikeni yaliyokaa siku kadhaa, mara nyingine hata haikaushi. Kuna bakteria wanaoishi kwenye maji, ndugu wa mbali wa wale wa kifua kikuu, ambao hukua polepole na hawasikii dawa za kawaida. Tulikata kipande kidogo cha ngozi kikapelekwa maabara, na matibabu yakamchukua miezi. Kwa hiyo kipele kinachotoka siku ya pili na kinundu kinachotoka wiki ya nne ni mambo mawili. Kikitokea hicho cha pili, mwambie daktari neno rola hata kama uliitumia zamani.

Tuje kwenye nywele zenyewe.

Kinachofanyika ni hiki: sindano huleta jeraha dogo, mwili huleta kemikali za kuponya jeraha, na baadhi ya kemikali hizo huamsha kinyweleo kilicholala. Pia njia ya dawa kuingia hufunguka. Utafiti uliolipa jambo hili jina ulifanyika India na kuchapishwa mwaka 2013, kwa wanaume 100 wenye upara wa kurithi. Wote walipaka minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 5 mara mbili kwa siku. Nusu yao waliongezewa rola ya milimita 1.5 mara moja kwa wiki. Baada ya wiki 12, katika eneo lililohesabiwa, waliopata rola waliongeza wastani wa nywele 91, na wale wa dawa peke yake 22. Tofauti ni kubwa, na tafiti za baadaye zimeelekea upande huohuo, lakini tazama masharti yake: walikuwa wanaume, wenye upara wa kurithi, wakiwa na minoksidili, kwa miezi mitatu tu. Na minoksidili ukiiacha, ulichopata huanguka ndani ya miezi.

Umeona inakoelekea? Ushahidi unamhusu mume wako kuliko wewe. Upara wake wa utosini ndio uliopimwa. Kwako, nywele zilizokatika kwa kuvutwa na rasta ni jambo lingine, na kwa hilo sijaona utafiti wa kunifanya nimwambie mtu ajichome.

Kwako swali la kwanza ni kama vinyweleo bado vipo. Vipele vikishapona, kaa karibu na dirisha saa nne asubuhi, nywele zikiwa zimefunguliwa na hazina mafuta, mtu akupige picha ya karibu pale palipopungua. Mara nyingi kwa aliyevutwa na rasta hubaki ukanda wa nywele fupi laini mbele kabisa, na nyuma ya ukanda huo ndipo penye uwazi. Ukanda huo ukiwepo, na ukiona kwenye uwazi bado kuna vitundu na nywele nyembamba kama za mtoto, kuna matumaini ya kweli, na tiba yake kubwa ni ya bure: usisuke kwa miezi, usibandike wigi kwa gundi, usibane nywele kwa nyuma mpaka nyusi zipande. Minoksidili inaweza kusaidia juu ya hapo, ila si ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Lakini kama ngozi pale ni laini na inang'aa kama kigae, haina tundu hata moja, kinyweleo kimekufa na kovu limechukua nafasi yake. Jeraha haliamshi kisichokuwepo. Ukipiga rola juu ya kovu unaongeza kovu, na kwa ngozi zetu wengine huota keloidi. Kama wewe au mama yako ana kovu lililovimba sikioni au kifuani, usiguse rola kabisa, maisha yote.

Na kama nywele zinaanza kuisha utosini zikitanuka kwa duara, zikiwasha au kuchoma kama pilipili, hiyo inaweza kuwa ugonjwa unaoua vinyweleo kimya kimya, unaowapata hasa wanawake wenye asili ya Afrika. Huo unataka daktari wa ngozi mapema. Kliniki ya ngozi ya Mulago ipo, na ukianzia hospitali ya rufaa ya Jinja wanaweza kukuandikia barua. Vilevile mwenye mapunye au mba unaotoa magamba mazito atibu hilo kwanza, maana rola husambaza fangasi jinsi inavyosambaza usaha.

Mume wako akitaka kuendelea, na kisogo chake kiwe safi, nitaeleza jinsi ninavyowaambia wagonjwa wangu. Hii haimfanyi awe kama aliye kliniki. Nyumbani hakuna anayeweza kufisha vijidudu vyote kwenye rola, anaweza kuvipunguza tu.

Anunue mpya yenye sindano moja moja, ya milimita 0.5. Najua utafiti wa India ulitumia 1.5. Lakini utafiti mwingine uliolinganisha 0.6 na 1.2 uliiona hiyo fupi haiko nyuma, na nyumbani, bila mwangalizi, kila milimita inayoongezeka ni damu zaidi. Awe anatumia mara moja kwa wiki. Wewe ulipitisha mara tatu kwa wiki kwa milimita 1.5, maana yake jeraha la Jumatatu lilikuwa bado halijafunga Jumatano ikafika. Ngozi yako haikuwahi kupata siku nzima ikiwa mzima.

Siku hiyo aoshe kichwa kwa shampuu, akaushe kwa taulo safi, anawe mikono kwa sabuni. Rola ikae ndani ya spiriti ya asilimia 70 kwenye kikombe safi dakika kumi, itoke, ikauke yenyewe hewani bila kufutwa kwa kitambaa. Ngozi nayo ipanguswe kwa pamba na spiriti, angoje ikauke kabisa. Kisha apitishe kwa uzito wa mkono tu, mbele na nyuma mara chache, anyanyue, ageuze, apitishe kwa mshazari. Neno ni anyanyue. Kuigeuza rola ikiwa bado imezama ndiko kunakoacha mistari ya kuchanika. Akiona wekundu mwepesi, aache hapo. Damu inayotiririka si dalili kwamba imefanya kazi, ni kwamba amezidisha.

Baada ya hapo asipake kitu kwa saa 24, hata minoksidili. Waliofanya ule utafiti walingoja hivyo, na sababu si kuchoma tu: dawa hiyo hapo zamani ilikuwa ya kushusha presha, na ikiingia nyingi kupitia matundu mtu huweza kusikia moyo ukidunda na kichwa kikizunguka. Siku hiyo na inayofuata asivae kofia ya boda boda iliyovaliwa na abiria ishirini kabla yake. Akilazimika kupanda, aweke kitambaa safi chini ya kofia, au apange kufanya kazi hii jioni ya siku ambayo kesho yake hatoki. Foronya ibadilishwe usiku huo.

Rola ioshwe hapohapo, kabla damu haijakauka: maji yaliyochemshwa yakapoa, sabuni ya maji, itikiswe ndani yake, isuuzwe, irudi kwenye spiriti dakika kumi, ikauke, ndipo ifunikwe. Ikifunikwa na unyevu ni kuwatengenezea bakteria nyumba. Jiki usiitumie, inakula chuma. Na ikifika mara kumi mimi naitupa hata kama inaonekana nzuri, kwa sababu ncha imekuwa butu na jicho haliwezi kuona.

Wekundu wa kawaida huondoka ndani ya siku moja au mbili. Maumivu yakiongezeka siku ya tatu badala ya kupungua, hilo si jambo la kawaida. Wiki za mwanzo za minoksidili nywele huweza kudondoka zaidi, asishtuke. Apige picha leo na nyingine baada ya miezi minne, mahali pamoja, mwanga mmoja. Akilinganisha kila asubuhi kwenye kioo atajidanganya, ama kwa furaha ama kwa huzuni. Na akiwa na kisukari kisichodhibitiwa au anameza dawa za kuzuia damu kuganda, haya yote hayamhusu, amwone daktari kwanza.

Hiyo rola mliyonayo isitupwe kwenye takataka ikiwa wazi, watoto hufukua na wazoaji hutumia mikono. Itie kwenye chupa ya plastiki ngumu yenye mdomo mpana, kaza kifuniko, zungushia selotepu, na kesho uipeleke kituo cha afya wakuwekee kwenye boksi la sindano.